Alama 66 ya Kenya husomwaje Ujerumani? Jinsi ya kutuma matokeo ya chuo pamoja na mizani yake

Wahitimu wanaoomba nafasi ya uzamili ng'ambo hufika katika ofisi za elimu na basari wakiwa na lalamiko linalofanana. Mtu amemaliza chuo kikuu hapa nchini akiwa na daraja la pili, ngazi ya juu. Mwalimu wake anamsifu, familia imesherehekea, kisha chuo cha nje kinamjibu kwamba alama zake hazifikii kiwango. Anauliza kama chuo chake kimedharauliwa. Mara nyingi hakikudharauliwa. Aliyesoma karatasi yake alitumia mizani isiyokuwa yake, kwa sababu mizani ya kwetu haikuambatanishwa au iliambatanishwa nusu.

Somo la toleo hili linaeleza jinsi ya kuandaa karatasi ya matokeo, ambayo vyuo vingi huiita transkripti, ili msomaji wa nchi nyingine aweze kulinganisha kwa haki. Tutatumia Ujerumani kama mfano mkuu, kwa kuwa huko alama ya nje hugeuzwa kwa fomula iliyo wazi. Mzazi au mhitimu anaweza kuikokotoa mwenyewe kwa kalamu na kuona ni wapi alama inapoongezeka au kupotea.

Namba bila ngazi zake

Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, kwa shahada ya kwanza, alama 70 hadi 100 ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, 40 hadi 49 ni D, na chini ya 40 ni kuanguka. Madaraja ya shahada hufuata mipaka hiyo hiyo: daraja la kwanza huanzia 70, la pili ngazi ya juu ni 60 hadi 69, la pili ngazi ya chini ni 50 hadi 59, na pasi ni 40 hadi 49. Mpangilio huu tuliurithi kwa Waingereza, pamoja na mazoea yake ya kusahihisha kwa mkono mzito. Mwalimu wetu akitoa 75 katika insha amesifu sana. Alama ya 90 katika somo la kuandika na kujieleza ni nadra, hata kwa mwanafunzi hodari.

Sasa mpe Mmarekani karatasi yenye 66. Katika shule na vyuo vingi vya kwao A huanzia 90, B huanzia 80, C huanzia 70, na 66 ni D. Macho yake yanaona mwanafunzi aliyeponea chupuchupu, wakati kwetu ni B, na mwenyewe yuko ngazi ya pili kutoka juu. Namba 66 haina maana yoyote mpaka ujue mambo mawili: kiwango cha kupita ni kipi, na alama ya juu ambayo watu huipata kweli ni ipi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoingia katika fomula ya Wajerumani.

Fomula yenyewe

Ujerumani husoma alama kinyume na sisi. Moja ndiyo bora kabisa, nne ndiyo ya mwisho ya kupita, na tano ni kuanguka. Kuanzia 1.0 hadi 1.5 huitwa vizuri sana, 1.6 hadi 2.5 huitwa vizuri, 2.6 hadi 3.5 huitwa ya kuridhisha, na hadi 4.0 ni ya kutosha tu. Kozi nyingi za uzamili zenye ushindani hudai 2.5 au bora zaidi. Ili kugeuza alama ya nje kuwa ya kwao, vyuo hutumia kanuni inayojulikana kama fomula ya Bavaria iliyorekebishwa:

```
x = 1 + 3 × (Nmax − Nd) ÷ (Nmax − Nmin)
```

Hapa x ni alama ya Kijerumani tunayoitafuta. Nmax ni alama ya juu kabisa katika mizani ya asili, Nmin ni alama ya chini kabisa ya kupita, na Nd ni alama aliyopata mwanafunzi. Kwa maneno mengine, fomula inauliza: kutoka kileleni mpaka mstari wa kupita, mwanafunzi huyu ameshuka sehemu gani ya safari? Kisha inaigawa safari hiyo katika ngazi tatu za Kijerumani, kutoka moja hadi nne.

Tuchukue mhitimu wa mfano. Amesoma shahada ya sayansi ya kilimo kwa miaka minne, wastani wake wa jumla ni 66, na anaomba kozi ya uzamili inayodai 2.5. Afisa akichukua 100 kama kilele na 40 kama mstari wa kupita, hesabu ni hii:

```
x = 1 + 3 × (100 − 66) ÷ (100 − 40) = 2.7
```

Amekosa kwa pointi mbili za desimali. Tazama pia kinachotokea kwa mtu wa daraja la kwanza aliyepata 70 kamili. Mia ukitoa 70 ni 30, gawanya kwa 60 ni nusu, mara tatu ni 1.5, ongeza moja, unapata 2.5. Yaani kwa hesabu hii anayeanza tu kuingia daraja la kwanza anagusa mstari wa 2.5, na karibu kila mhitimu wa daraja la pili ngazi ya juu, hata mwenye 68, anabaki nje. Kwa mujibu wa lugha ya Wajerumani hao waliobaki nje ni wa kuridhisha tu. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha katika vyuo vyetu anajua kuwa hilo si picha ya kweli.

Kosa la kwanza: mstari wa kupita usioonekana

Sasa tuseme afisa hakuona mahali popote palipoandikwa kwamba kupita ni 40. Anakisia, na kisio la kawaida ni nusu ya mia. Hesabu inakuwa:

```
x = 1 + 3 × (100 − 66) ÷ (100 − 50) = 3.04
```

Wajerumani hubakisha desimali moja tu, kwa hiyo ni 3.0. Mhitimu wetu ameshuka kutoka 2.7 hadi 3.0 bila kubadilika hata swali moja la mtihani wake. Sababu ni kwamba hakuskani upande wa nyuma wa karatasi.

Tunasema hivyo kwa sababu ndivyo inavyotokea. Katika transkripti nyingi za Kenya, maelezo ya gredi huchapishwa kwa herufi ndogo chini kabisa au nyuma ya ukurasa. Mwombaji huskani upande wa mbele wenye alama na mhuri, na kuona nyuma hakuna jina lake basi hakuna haja. Upande huo usio na jina ndio wenye mizani. Skani pande zote mbili za kila ukurasa, katika faili moja, na uhakikishe maandishi madogo yanasomeka ukikuza.

Uangalifu unahitajika pia kwa sababu 40 si mstari wa kila kozi. Kozi kadhaa za taaluma, hasa za udaktari na uuguzi, hudai 50, na katika uzamili 50 ndiyo kawaida. Kama kozi yako ni ya namna hiyo, basi 50 ndiyo Nmin halali na huwezi kudai 40 kwa kuwa rafiki yako wa kozi nyingine amefanya hivyo. Kinachotakiwa ni kanuni ya kozi yako, iliyoandikwa na chuo chako.

Kosa la pili: kilele ambacho hakuna anayekifikia

Hapa ndipo penye uzito zaidi. Fomula hufanya kazi yake vizuri pale ambapo kilele cha mizani ni alama ambayo wanafunzi bora huipata kweli. Ujerumani wapo wanafunzi wanaomaliza na 1.0 au karibu yake. Kwetu hakuna anayemaliza shahada nzima na wastani wa 100. Katika somo moja la hesabu mtu anaweza kupata 93, lakini wastani wa miaka minne huvutwa chini na masomo mengine yote. Kwa hiyo afisa akiweka 100 kama Nmax anamlinganisha mwanafunzi wetu na mtu ambaye hajawahi kuwepo.

Tuseme afisa huyo ana ushahidi kwamba wastani wa juu unaofikiwa ni karibu na 80, na kanuni za chuo chake zinamruhusu kuutumia. Basi:

```
x = 1 + 3 × (80 − 66) ÷ (80 − 40) = 2.05
```

Ukibakisha desimali moja ni 2.0. Karatasi ni ile ile, mwanafunzi ni yule yule, na sasa ameingia ndani ya kiwango akiwa na nafasi ya ziada. Tofauti kati ya 3.0, 2.7 na 2.0 haitokani na akili ya mtu wala sifa ya chuo. Inatokana na kile ambacho msomaji aliambiwa kuhusu mizani.

Je, mwombaji anaweza kudai kilele kiwekwe 80? Hapana. Hana mamlaka hayo, na kujaribu kumfundisha afisa hesabu zake hakusaidii. Anachoweza ni kuhakikisha ushahidi umo ndani ya faili, umetoka kwa chuo chenyewe, na umeandikwa kwa namba. Vyuo vya Ulaya vyenyewe vinalijua tatizo hili. Shahada zao hutolewa pamoja na kiambatisho kinachoeleza kozi, mizani ya alama na jinsi ya kuisoma. Mwongozo wa mfumo wao wa krediti, toleo la 2015, unashauri kila chuo kitoe jedwali la mgawanyo wa alama: wanafunzi wangapi walipata kila gredi. Ukiweka majedwali mawili kando kwa kando, unaweza kumlinganisha mtu kwa nafasi aliyoshika miongoni mwa wenzake. Njia hiyo ina haki zaidi kuliko fomula yoyote, maana haijali kama mwalimu ana mkono mzito au mwepesi.

Mhitimu wa Kenya kwa kawaida hana kiambatisho hicho. Basi aombe barua inayofanya kazi hiyo.

Barua ya kuomba kwa msajili

Barua hii huombwa ofisi ya msajili wa masomo, wala si kwa mhadhiri unayemfahamu. Barua ya mhadhiri ni ya kukusifia. Ya msajili ni ya kuthibitisha. Iwe katika karatasi rasmi ya chuo, kwa Kiingereza, yenye jina lako kama lilivyo katika pasipoti, namba ya usajili, tarehe, saini, cheo cha aliyetia saini na mhuri.

Ndani yake iwe na mizani yote ya gredi, kutoka juu mpaka chini, na mipaka ya madaraja ya shahada. Itaje wazi alama ya chini ya kupita kwa kozi yako. Iseme wastani wako wa jumla na jinsi ulivyokokotolewa, kwa maana vyuo vingine huchukua miaka yote sawa na vingine huupa mwaka wa mwisho uzito zaidi. Kisha, na hili ndilo linalosahaulika, itoe mgawanyo wa madaraja wa kundi ulilohitimu nalo, wastani wa juu kabisa uliopatikana katika kundi hilo, na nafasi yako.

Kwa mhitimu wetu wa mfano, sehemu hiyo ya mwisho ingesomeka hivi: kati ya wahitimu 74 wa kozi hii mwaka huo, 3 walipata daraja la kwanza, 31 la pili ngazi ya juu, 36 la pili ngazi ya chini, na 4 pasi. Wastani wa juu kabisa ulikuwa 73.4. Mwombaji alishika nafasi ya 9.

Sentensi hizo chache hubadilisha usomaji wote. Afisa aliyeandika 2.7, ya kuridhisha, sasa anaona kuwa huyu mtu ni wa 9 kati ya 74, na kwamba aliyeongoza darasa zima hakufika hata 75. Anaelewa kwamba 100 ilikuwa kilele cha karatasi tu.

Kuna tahadhari. Namba hizi hukata pande zote mbili. Kama katika kundi lako watu 40 walipata daraja la kwanza na wa kwanza alikuwa na 86, basi 66 yako haina utetezi huo, na barua itaonyesha hivyo. Hapo ni afadhali kuomba barua ya mizani na kiwango cha kupita pekee, ambayo bado itakuokoa na kisio la 50. Pia chuo kinaweza kukataa kutoa nafasi za wanafunzi, kwa kuwa si kila chuo huweka kumbukumbu hizo. Omba basi mgawanyo wa madaraja tu. Vyuo vingi huyachapisha majina kwa madaraja katika kitabu cha mahafali, kwa hiyo hakuna siri inayovunjwa.

Usigeuze mwenyewe

Fomu nyingi za mtandaoni huwa na kisanduku kinachodai GPA kwa mizani ya 4.0. Hapa waombaji wengi hujiumiza. Mtu huchukua 66, hugawanya kwa 100, huzidisha kwa nne, na kuandika 2.64. Vyuo vingi vya Marekani hutaka 3.0 kwa uzamili, na kompyuta inamchuja kabla binadamu hajafungua faili. Hesabu hiyo haikuwa sahihi tangu mwanzo, kwa kuwa inadhani mizani zote mbili zinapanda kwa mwendo mmoja. Ni kama kugawanya kilomita kwa lita.

Kama fomu inakupa nafasi ya kuchagua mizani, chagua mizani ya 100 na uandike 66. Kama hainayo, waandikie ofisi ya udahili uwaulize waombaji wa Kenya hujaza nini, na uhifadhi jibu lao. Marekani na Kanada zipo taasisi za tathmini, WES ikiwa mojawapo, ambazo husoma kila somo kwa mizani ya nchi lilikotoka na kutoa ripoti. Taasisi hizo hutaka transkripti itumwe na chuo chenyewe moja kwa moja. Ukituma nakala uliyonayo nyumbani, hata ikiwa halisi, haitapokelewa. Ujerumani, vyuo vingi hupitisha maombi ya wageni kwenye uni-assist, ambao hukagua vyeti na, pale chuo kinapotaka, hutoa hati ya uchunguzi wa awali yenye alama iliyogeuzwa.

Zipo pia nafasi ambazo mlango wake ni asilimia tupu. Masharti ya ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, yamekuwa yakidai angalau asilimia 75 kwa wanaoomba uzamili. Kwa mizani yetu, hata mwenye daraja la kwanza la 72 hayafikii. Mwombaji asiongeze alama wala asizigeuze. Apakie transkripti na barua ya mizani pamoja, katika faili moja, ili zisitenganishwe.

Pale lugha inapohitaji mtafsiri

Vyeti vyetu viko kwa Kiingereza, na Ujerumani kwa kawaida huvipokea hivyo. Italia, Ufaransa au Uturuki chuo kinaweza kudai tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Kazi ya mtafsiri huyo ni maneno. Alama haziguswi. Palipoandikwa B pabaki B, na 66 ibaki 66. Mtafsiri akiandika alama ya Kifaransa au ya Kiitaliano badala yake amefanya kazi ya afisa wa tathmini bila mamlaka, na afisa mwenyewe ataigeuza tena, hivyo alama imegeuzwa mara mbili.

Maneno nayo yana mitego. Daraja la pili, likitafsiriwa neno kwa neno, katika lugha kadhaa hutoa sauti ya bidhaa hafifu. Mwombe mtafsiri abakishe maneno ya Kiingereza kama yalivyo na aongeze maelezo kwamba ni ngazi ya pili kutoka juu kati ya ngazi nne. Mtego mwingine ni mitihani miwili inayofanana kwa tarehe. Mtihani wa marudio hufanywa na aliyeanguka, na katika vyuo vingi hata akipata 71 huandikiwa 40 yenye alama ya nyota. Mtihani maalumu hufanywa na aliyekosa mtihani wa kawaida kwa ruhusa, kama vile kwa ugonjwa au msiba, na alama yake huandikwa kamili kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza. Mtafsiri asiyejua vyuo vyetu huyaita yote mawili marudio. Mwanafunzi aliyekuwa amelazwa hospitali anageuka kuwa mwanafunzi aliyeanguka. Soma tafsiri kabla ya kuilipia, au mpe mtu anayejua lugha hiyo akusomee sehemu ya nyota na vifupisho.

Neno kwa wenye KCSE na stashahada

Wanaoomba shahada ya kwanza kwa kutumia KCSE wana mizani nyingine. A ni pointi 12 na E ni pointi 1, na jumla ya masomo saba ni 84. Mwenye jumla ya 62 yuko katika B, ambayo ni 60 hadi 66, na C+ ya 46 hadi 52 ndiyo kiwango cha kuingia chuo kikuu nchini. Cheti hakionyeshi asilimia. Mipaka ya gredi huwekwa na Baraza la Mitihani, KNEC, kwa kila somo, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia kwamba B+ yako ya kemia ni asilimia kadha. Fomu ikidai asilimia, usibuni. Andika gredi na pointi, uambatanishe mizani ya pointi 12, na uombe KNEC kutuma uthibitisho wa matokeo kwa chuo kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS.

Kwa vijana wetu wa vyuo vya ufundi wenye stashahada za KNEC, hatari ni ya kuchekesha kidogo. Mizani yao, kama ya Wajerumani, huanza na 1 kama bora. Alama 1 na 2 ni ubora wa juu, 3 na 4 ni krediti, 5 na 6 ni pasi, 7 ni kurudia na 8 ni kuanguka. Mmarekani akiona 2 atadhani ni ya chini. Mjerumani ataelewa 2, lakini akiona 5 atasema umeanguka, ilhali umepita. Hapa barua ya mizani ni lazima, hata kama hakuna aliyeidai.

Wakati na pa kuuliza

Kwa muhula unaoanza msimu wao wa vuli, vyuo vingi vya Ujerumani hufunga maombi tarehe 15 Julai, na vingine mapema zaidi. Uchunguzi wa uni-assist huweza kuchukua wiki nne hadi sita baada ya faili kukamilika. Barua ya msajili nayo ina foleni yake, hasa karibu na mahafali. Anayeiomba Februari ataipata kwa utulivu. Anayeiomba Juni atatuma maombi bila hiyo.

Serikali ya kaunti haina mamlaka ya kuthibitisha wala kugeuza alama za chuo kikuu. Kwa Katiba, kazi yetu katika elimu ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Masuala ya ngazi za vyeti, kwa mfano kama stashahada yako inahesabiwa ngazi ya 6 au shahada ngazi ya 7 katika mfumo wa taifa, huulizwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Vyeti vya Masomo, KNQA.

Ukipata jibu lenye alama iliyogeuzwa, usiishie kusoma neno la kukataliwa. Tafuta namba waliyokupa na uiweke katika fomula kinyumenyume. Kama una 66 na wamekupa 3.0, jua wametumia 50 kama mstari wa kupita. Hilo ni kosa la ukweli kama kozi yako hupita kwa 40, na linaweza kusahihishwa kwa kuwaandikia mara moja, ndani ya muda wa rufaa uliotajwa katika barua yao, ukiambatanisha ukurasa wa mizani na barua ya msajili. Kama wamekupa 2.7, hawakukosea kiwango cha kupita. Wametumia 100 kama kilele. Hapo unaweza kuomba wazingatie mgawanyo wa madaraja, lakini kanuni zao zikisema 100, uamuzi ni wao, na itakubidi utafute kozi isiyofunga mlango kwa 2.5.